Shajara ya mradi: pistoni, ombwe, na entropia inayozaliwa bila joto

Februari, mwanzo: swali na namba zake

Mradi huu una swali moja. Gesi imefungiwa upande mmoja wa chombo kilichokingwa vizuri, upande wa pili hamna kitu, ni ombwe. Njia kati yao inafunguliwa na gesi inajaa kote. Hakuna joto lililoingia wala lililotoka, hakuna kazi iliyofanywa, halijoto ya mwisho ni ileile ya mwanzo, na bado entropia, yaani hesabu ya njia ambazo molekuli zinaweza kupangika, imepanda. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huandika jibu hilo kwenye mtihani na kupata alama zote. Ukiwauliza entropia hiyo imetoka wapi, darasa linanyamaza. Nataka programu ndogo ya kompyuta ambayo mtu ataiona entropia ikizaliwa, halafu aweze kuizuia isizaliwe kwa kubadilisha namba moja tu.

Kabla ya programu, namba. Nimechagua chupa mbili za lita 2 kila moja, zimeunganishwa kwa koki. Ya kushoto ina naitrojeni kwa kanieneo ya angahewa moja na halijoto ya kelvini 300, ambayo ni nyuzi 27 za selsiasi, joto la kawaida la mchana hapa kwetu. Ya kulia imenyonywa hewa yote. Kwa PV = nRT, gesi hiyo ni moli 0.0812. Kwa kanieneo hii naitrojeni inakaribia sana kuwa gesi kamilifu, yaani molekuli zake hazivutani kwa kiasi cha kujali, kwa hiyo nishati yake ya ndani inategemea halijoto peke yake.

Joto ni sifuri kwa sababu chombo kimekingwa. Kazi nayo ni sifuri, na hapa ndipo wengi huteleza, maana mkono huandika PΔV wenyewe. Kazi huhesabiwa kwa kile kinachosukumwa, na mbele ya gesi hii hakuna kinachosukumwa. Kanieneo inayopinga ni sifuri, basi kazi ni sifuri hata kama ujazo umeongezeka mara mbili. Joto sifuri na kazi sifuri vinatupa nishati isiyobadilika, na kwa gesi kamilifu hiyo ina maana halijoto inabaki 300.

Entropia je? Fomula ambayo kila mtu anaikumbuka ni joto gawanya kwa halijoto, ΔS = Q/T. Ukiitumia hapa unapata sifuri, na jibu hilo ni kosa. Rudolf Clausius, aliyeipa entropia jina lake mwaka 1865, hakusema joto lolote ligawanywe. Alisema joto linalopita katika njia ambayo inaweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua. Kwa njia nyingine zozote, Q/T haifikii mabadiliko halisi ya entropia. Pengo hilo ndilo entropia iliyozalishwa ndani ya mfumo wenyewe, bila kubebwa na joto kutoka popote.

Ili kupata kiasi, tunatafuta njia nyingine yenye mwanzo uleule na mwisho uleule, lakini ya taratibu. Weka pistoni badala ya ombwe, iache isogee polepole sana huku chombo kikiwa kwenye maji ya kelvini 300. Gesi inasukuma pistoni, inatoa kazi, na kufidia inavuta joto kutoka kwenye maji. Kazi hiyo ni PV ln 2, yaani jouli 202.65 mara 0.693, karibu jouli 140. Joto lililovutwa ni jouli 140 hizohizo. Gawanya kwa 300, unapata 0.468 J/K. Entropia hutegemea hali ya gesi tu, haijali ilifikaje pale. Hali ya mwisho ya chupa zangu ni hiyohiyo, kwa hiyo entropia ya chupa zangu pia imepanda 0.468 J/K, ingawa hazikugusa maji yoyote.

Hesabu hiyo ni sahihi na inatosha kwa mtihani. Kwangu haitoshi, kwa sababu jibu linaletwa na njia ambayo gesi yetu haikuipita. Nataka kuona kilichotokea katika njia iliyopitwa kweli.

Februari, katikati: njia mbili zisizo na joto

Nadhani mfano wa kuweka pembeni ya ombwe ni pistoni nyingine, ile inayosogea taratibu katika chombo kilichokingwa. Pale pia joto ni sifuri. Pale pia ujazo unaongezeka mara mbili. Lakini entropia haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo kusema tu kwamba gesi imepata nafasi zaidi hakuelezi jambo zima, kwa sababu njia zote mbili zimeipa nafasi ileile.

Tofauti iko kwenye kasi za molekuli. Pistoni inayorudi nyuma hupokea mapigo ya molekuli, na kila molekuli inayoigonga hurudi ikiwa na kasi pungufu kidogo. Gesi inapoa. Kwa naitrojeni, ambayo joto lake mahsusi kwa ujazo usiobadilika ni kama 2.5R kwa moli, halijoto inashuka kutoka 300 hadi kelvini 227 hivi, yaani nyuzi 46 chini ya sifuri ya selsiasi. Sasa angalia hesabu. Nafasi iliyoongezeka mara mbili inaongeza R ln 2 kwa kila moli, ambayo ni 0.693R. Kupoa kunaondoa 2.5R mara ln(300/227), ambayo nayo ni 0.693R. Zinakatana sawasawa.

Hapo ndipo swali langu lilipopata umbo. Entropia inahesabu njia ngapi molekuli zinaweza kupangika, na mpangilio wa molekuli una sehemu mbili, iko wapi na inakwenda kasi gani. Pistoni ya taratibu inaongeza machaguo ya mahali na kupunguza machaguo ya kasi kwa kiasi hichohicho. Ombwe linaongeza machaguo ya mahali na haligusi kasi. Hakuna molekuli iliyogonga kitu kinachorudi nyuma, kwa hiyo hakuna iliyopoteza kasi.

Ikiwa hivyo ndivyo, ombwe na pistoni ya taratibu ni ncha mbili za jambo moja. Katikati yake kuna pistoni inayokimbia kwa kasi yoyote ile. Programu itakuwa na pistoni moja na kasi yake itaitwa u. Ikiwa u ni ndogo sana, entropia ibaki palepale. Ikiwa u ni kubwa kuliko kasi ya molekuli yoyote, hakuna molekuli itakayoifikia, na hilo ndilo ombwe.

Machi: programu yenyewe

Nimeanza na mwelekeo mmoja tu, mstari. Chembe laki moja zinakimbia kati ya ukuta wa kushoto usiosogea na pistoni ya kulia. Hazigongani zenyewe kwa zenyewe. Mwanzoni zimetawanywa kinasibu kati ya 0 na 1, na kasi zake zimechaguliwa kwa mgawanyo wa kengele wenye upana 1.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
N, dt = 100_000, 0.01
x = rng.uniform(0, 1, N)
v = rng.normal(0, 1, N)

def hatua(x, v, L, u):
    x = x + v*dt
    v = v.copy()
    L = L + u*dt
    k = x < 0
    x[k], v[k] = -x[k], -v[k]
    k = x > L
    x[k], v[k] = 2*L - x[k], 2*u - v[k]
    return x, v, L
```

Mstari wa kuangalia ni ule wenye 2*u - v[k]. Ukiwa umekaa juu ya pistoni, chembe inakujia kwa kasi v − u na kuondoka kwa kasi ileile ikielekea nyuma. Rudi chini kwenye meza ya maabara na kasi yake mpya ni 2u − v. Chembe iliyokuja na 1.00 ikigonga pistoni inayokwenda 0.01 inarudi na 0.98. Upungufu huo mdogo, ukirudiwa mapigo mengi, ndio kupoa kote kwa gesi. Pistoni ikifika 2 inasimama, u inakuwa sifuri.

Kupima entropia kulihitaji uamuzi. Nimechora karatasi yenye mhimili mmoja wa mahali na mwingine wa kasi, nikaigawa kwa seli za 0.1 kwa 0.1, nikahesabu chembe katika kila seli.

```python
def entropia(x, v):
    H, _, _ = np.histogram2d(x, v,
        bins=[np.arange(0, 2.15, 0.1), np.arange(-6, 6.05, 0.1)])
    p = H[H > 0] / N
    return -(p*np.log(p)).sum()
```

Jibu linatoka kwa kila chembe, katika vipimo vya k, kisobadilika cha Boltzmann. Ukubwa wa seli lazima ubaki uleule kabla na baada, vinginevyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Na chembe ziwe nyingi kuliko seli kwa mbali. Ukiendesha programu hii kwa chembe elfu moja, seli nyingi zitakuwa tupu kwa bahati tu na entropia itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Dalili yake ni kwamba namba inapanda kila unapoongeza chembe. Kwa laki moja kosa hilo limebaki kwenye desimali ya tatu au ya pili.

Thamani ya mwanzo inaweza kukokotolewa kwa kalamu. Mahali panachangia ln 10, na kasi inachangia ½ ln(2πe) + ln 10. Jumla ni 6.02, na programu inatoa hivyo.

Kwa u = 0.01, pistoni ilipofika 2, wastani wa mraba wa kasi ulikuwa umeshuka kutoka 1 hadi karibu 0.25, na entropia ilikuwa bado pale pale, kwenye 6.02 au 6.03. Katika mstari mmoja, kasi zote zinapungua nusu pale urefu unapoongezeka mara mbili. Mahali mara mbili, kasi nusu, eneo kwenye karatasi halijabadilika.

Kwa u = 6 hakuna chembe iliyoifikia pistoni. Wastani wa mraba wa kasi ulibaki 1. Nikaacha chembe ziendelee kukimbia kwa muda mrefu ndani ya urefu wa 2, kisha nikapima. Entropia ilikuwa 6.71, imepanda kwa ln 2 ukiondoa lile kosa dogo la seli. Kati ya ncha hizo, kwa mfano u = 1, inaangukia katikati, kwa sababu chembe zenye kasi tu ndizo zinazoifikia pistoni na kulipa, nyingine zinapata nafasi bure. Haiwezi kuvuka ln 2 hata ufanyeje, maana hiyo ndiyo entropia kubwa kuliko zote kwa gesi yenye nishati ile katika urefu ule.

Kwa naitrojeni halisi ya kelvini 300, kasi ya 1 katika programu ni karibu mita 300 kwa sekunde. Kwa hiyo u = 0.01 ni pistoni ya mita 3 kwa sekunde, ambayo kwa macho yetu si taratibu hata kidogo, lakini kwa molekuli ni taratibu mno. Na ile u = 6 ni karibu kilomita 1.8 kwa sekunde. Ndiyo sababu hakuna mtu anayetengeneza mtanuko huru kwa kuvuta pistoni. Wanafungua koki au wanapasua utando.

Neno kwa atakayepeleka programu hii kwenye mielekeo miwili. Gesi kamilifu ya mielekeo miwili ikitanuliwa taratibu mara mbili inapaswa kubaki na nusu ya nishati yake. Programu isiyo na migongano itakupa 0.625, kwa sababu pistoni inapunguza kasi ya mlalo peke yake na ile ya wima inabaki nzima. Robo ya upande mmoja na moja kamili ya upande wa pili, wastani wake ni 0.625. Ukiiona namba hiyo, pistoni yako iko sawa. Kinachokosekana ni chembe kugongana na kugawana nishati kati ya mielekeo.

Aprili, mwanzo: nyuzi kwenye karatasi

Hapa mradi umenishika kuliko nilivyotegemea. Nimesema kwamba kwa u = 6 niliacha chembe zikimbie kwa muda mrefu kabla ya kupima. Ukipima papo hapo, pistoni ikiwa ndiyo kwanza imefika 2, entropia bado ni kama 6.02. Haikupanda pale njia ilipofunguliwa. Inapanda baadaye, polepole, na inatulia kwenye kilele chake wakati saa ya programu inapokaribia 40.

Nilichora ile karatasi ya mahali na kasi kwa nyakati mbalimbali. Mwanzoni chembe ni pande moja la mstatili upande wa kushoto. Zenye kasi zinatangulia, za taratibu zinabaki, na pande linainama. Zilizotangulia zinagonga ukuta na kurudi, pande linakunjwa. Baada ya muda limekuwa mistari myembamba inayolala, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, karatasi nzima. Ni kama ile donge ya chapati uliyoipaka mafuta, ukaikunja na kuisukuma tena na tena. Mafuta ni yaleyale, hayakuongezeka tone, lakini matabaka yamekuwa membamba kiasi kwamba popote utakapokata utakuta unga na mafuta pamoja.

Eneo jeusi lenyewe halijaongezeka. Hiyo ni kanuni ya Liouville, na programu inaitii. Umbali kati ya mstari na mstari, ukiupima kwa kasi, ni 4/t, kwa sababu chembe inachukua umbali wa 4 kwenda na kurudi katika urefu wa 2. Seli zangu zina upana wa 0.1, na 4/t inafikia 0.1 pale t ikiwa 40. Ndipo kila seli inapokuwa nusu nyeusi na nusu nyeupe, na seli zilizo na chembe zimekuwa mara mbili ya zile za mwanzo. Nikipunguza seli hadi 0.05, kupanda kunachelewa hadi 80 hivi, lakini kimo cha mwisho kinabaki ln 2.

Kwa pistoni ya taratibu mistari hiyo haipo. Pande linabadilika umbo likiwa limejaa, linapanuka kwa mahali na kubanwa kwa kasi, na halikunji nyeupe ndani yake. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta, na inaonekana kwa macho.

Aprili, baadaye: kuigeuza nyuma

Ludwig Boltzmann alieleza kupanda kwa entropia kwa mwendo wa molekuli, na Josef Loschmidt alimwekea pingamizi mwaka 1876. Mwendo huo, alisema Loschmidt, unaweza kwenda mbele au nyuma kwa sheria zilezile. Geuza kasi zote na gesi itajikusanya yenyewe ilikotoka. Programu inaweza kufanya hivyo kwa amri moja, v = -v.

Nimeacha gesi itanuke hadi t = 50, nikageuza kasi, nikaendelea kwa 50 nyingine. Chembe zote zilirudi kushoto ya 1. Entropia ilishuka kutoka kilele hadi 6.02. Boltzmann alijua kwamba hilo linawezekana kwa hesabu, na jibu lake lilihusu idadi, kwamba mipangilio inayorudi hivyo ni michache mno kati ya yote.

Kisha nikafanya tena, ila wakati wa kugeuza niliongeza kwa kila kasi msukumo mdogo wa kinasibu. Kwa msukumo wa 0.001, asilimia 98 hivi zilirudi. Kwa 0.05, nusu tu ndizo zilizokuwa kushoto, yaani hazikurudi kabisa, zilibaki zimejaa chombo kizima. Sababu ni rahisi kuhesabu. Kosa la 0.05 likikaa kwa muda wa 50 linahamisha chembe umbali wa 2.5, zaidi ya chombo kizima. Na hii ni gesi isiyogongana. Katika naitrojeni ya kweli molekuli inasafiri kama nanomita 70 tu kabla ya kugonga nyingine, na kila mgongano hukuza kosa la ule uliotangulia. Kumbukumbu ya gesi kwamba ilitoka kushoto hupotea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mwanafunzi mmoja aliyekuja kuangalia michoro akaniuliza, "Mwalimu, kama eneo halijaongezeka na seli umezichagua wewe, si ina maana entropia ni ujinga wetu tu?"

Swali zuri, na nimelifikiria kwa siku kadhaa. Jibu langu ni kurudi kwenye zile jouli 140. Ili kuirejesha naitrojeni kwenye chupa ya kushoto, chombo ninachoweza kukishika ni pistoni, au pampu, ambayo kimsingi ni kitu kilekile. Pistoni haioni mistari myembamba. Inaona kanieneo na ujazo. Kwa mashine bora kuliko zote zinazofanya kazi kwenye halijoto ya 300, kurudisha gesi kutanidai kazi ya jouli 140, na gesi itamwaga jouli 140 za joto kwenye mazingira. Jouli 140 zinatosha kunyanyua ndoo ya kilo 14 mita moja. Gesi ile ilikuwa na uwezo wa kunifanyia kazi hiyo, na kwa kuiachia iingie kwenye ombwe uwezo huo umekwisha ingawa nishati yote bado iko ndani ya chupa. Halijoto mara entropia iliyozaliwa, 300 × 0.468, ndiyo kazi iliyopotea. Yeyote atakayejaribu atadaiwa hizo jouli, awe anajua mengi au machache.

Mei: chupa za Joule

Programu ina pistoni, lakini watu halisi walitumia koki. Gay-Lussac alifanya hivyo kwa chupa mbili za lita 12 na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1807. Chupa iliyotoa hewa ilipoa, iliyopokea ilipata joto, kwa viwango vinavyolingana. James Joule alirudia mwaka 1845 kwa vyombo viwili vya shaba, kimoja kikiwa na hewa ya angahewa 22, vyote ndani ya maji. Maji hayakubadilika halijoto. Alipoweka kila chombo kwenye maji yake, upande mmoja ulipoa na wa pili ukapata joto.

Nilitaka kujua tofauti hiyo ingekuwa kubwa kiasi gani katika chupa zangu za lita 2 kama kuta zisingepokea joto lolote. Gesi inayobaki kushoto inasukuma ile inayotoka, kwa hiyo inatanuka kama mbele ya pistoni ya taratibu. Kanieneo ikifika nusu, imebaki na halijoto ya kelvini 246. Kwa kuwa nishati ya jumla haijabadilika, ya kulia lazima iwe kelvini 384. Upande mmoja barafu, upande mwingine ungechemsha maji, na wastani wake kwa uzito wa moli ni 300 kamili.

Kinachonivutia zaidi ni mahali entropia ilipozaliwa. Moli zilizobaki kushoto hazijapata entropia yoyote. Hesabu inaonyesha kwamba hadi kanieneo zinapolingana, 0.608 ya nR imeshazaliwa kati ya ile 0.693, na yote iko kulia. Pale mkondo unaotoka kwenye koki kwa kasi kubwa unagonga gesi iliyotangulia, unavurugika, na mwelekeo wake unageuka kuwa mwendo wa kila upande. Sehemu ndogo iliyobaki, 0.085, huja baadaye upande wa moto unapopasha upande wa baridi. Kwa hiyo katika chupa zenye koki kuna joto linalotembea kati ya pande mbili, lakini linahusika na sehemu moja tu kati ya nane, na halikutoka nje.

Kuna kikomo kimoja cha jaribio la Joule ambacho nakifundisha sasa pamoja na jaribio lenyewe. Hewa ya angahewa 22 si gesi kamilifu. Molekuli zake zinavutana kidogo, na kutanuka mara mbili kunapaswa kuipoza kwa kelvini 3 hivi ukitumia mlinganyo wa van der Waals. Lakini hewa ile ilikuwa kama moli 2, yenye uwezo wa joto wa jouli 42 kwa kelvini, ndani ya kilo saba na nusu hivi za maji, yenye uwezo wa zaidi ya jouli 31,000. Kelvini 3 za hewa zinageuka kuwa sehemu nne kati ya elfu za kelvini moja ya maji, yaani 0.004, hata kabla ya kuhesabu shaba. Joule aliona sifuri kwa sababu maji yalikuwa mengi. Kuanzia mwaka 1852 yeye na William Thomson waliacha chupa na kupitisha gesi mfululizo kwenye kizibo chenye vinyweleo, ambapo kupoa hakufichwi na maji, na wakakuona.

Kinachofuata kwenye programu ni kuongeza mvutano kati ya chembe. Kwa u = 6 wastani wa mraba wa kasi unapaswa kushuka chini ya 1, kwa sababu chembe zinazoachana zinalipa kwa kasi zake ili kuachana, na entropia inapaswa bado kupanda. Mvutano ukiwa kila chembe na kila chembe, laki moja ni nyingi mno kwa kompyuta yangu. Nitaanza na elfu mbili na seli kubwa zaidi.